Bango la mtarajali: andika sentensi kabla ya kufungua kompyuta

Mafunzo tarajali yanapofikia mwisho, taasisi nyingi huwaandalia vijana siku ya maonesho. Ukumbi hupangwa mbao, kila mtarajali hupewa nafasi ya kubandika bango moja, na wageni hupita: wakuu wa idara, walimu kutoka vyuoni, wahasibu, mafundi, pengine mkurugenzi mwenyewe akiwahi kikao kingine. Mgeni wa namna hiyo hana robo saa ya kumpa kila mtu. Husimama mbali kidogo, mita tatu hivi, akasoma maneno makubwa ya juu, kisha huamua asogee au apite. Akisogea, ana kama dakika moja kabla hajauliza swali lake la kwanza au kuaga.

Kazi yangu ni kuwasaidia watarajali kuandaa mabango, na nimeona kwamba dakika hiyo huokolewa au kupotezwa na kitu kimoja zaidi ya rangi, picha na mpangilio: sentensi iliyoandikwa juu. Nitaeleza kwa mradi mmoja wa mfano. Takwimu zake nimezitunga kwa ajili ya makala haya, lakini mbinu inayoelezwa ni ya kweli na wahandisi wa maji wanaitumia kila siku.

Tuseme Rehema amefanya mafunzo katika mamlaka ya maji ya mji fulani. Amepewa kanda moja yenye nyumba 600, inayolishwa na bomba moja kubwa lenye dira kuu mlangoni. Kwa mwezi mzima amekuwa akikusanya usomaji wa dira hiyo kati ya saa nane na saa kumi usiku. Saa hizo watu wamelala, mabomba ya jikoni na bafuni yamefungwa, kwa hiyo maji yanayoendelea kupita kwenye dira kuu kwa sehemu kubwa ni yale yanayovuja. Kanda yake ilikuwa ikipitisha uniti 9 kwa saa usiku, yaani lita 9,000. Akishirikiana na mafundi, walifunga valvu za mitaa moja baada ya nyingine huku mmoja wao akiangalia dira kuu. Valvu ikifungwa na usomaji ukashuka ghafla na zaidi kuliko matumizi ya mtaa huo yanavyoweza kueleza, mvujo uko huko. Fundi akaenda na fimbo ya kusikilizia, akapata mahali penyewe, wakachimba. Mabomba matatu yalizibwa. Usomaji wa usiku ukashuka hadi uniti 4.

Ni kazi nzuri, na mtu yeyote anayelipa bili ya maji anaweza kuielewa. Sasa tazama kichwa cha rasimu yake ya kwanza ya bango: «Utafiti wa Awali kuhusu Matumizi ya Takwimu za Mtiririko wa Usiku katika Kubaini Upotevu wa Maji kwenye Kanda ya Huduma Namba 4: Ripoti ya Mradi wa Mafunzo Tarajali».

Hakuna neno la uongo hapo. Tatizo ni kwamba ukimaliza kukisoma hujui kilichotokea. Kinakutajia mada, kinakutajia eneo, kinakwambia kwamba kuna utafiti, lakini hakisemi kama kuna kilichopatikana. Mgeni aliye umbali wa mita tatu analazimika kusogea ili ajue kama kuna sababu ya kusogea, na wengi hawasogei. Kichwa cha namna hii kinatoka kwenye jalada la ripoti ya chuo, ambako kina kazi yake halali: msomaji wa ripoti ameshaishika mkononi na atafungua ukurasa wa pili. Mgeni wa maonesho hana ukurasa wa pili.

Rehema akikaa na karatasi na kalamu, kompyuta ikiwa imefungwa, na akajiuliza angemwambia nini shangazi yake akimuuliza mezani kwamba mwezi mzima huo alikuwa anafanya nini kazini, huenda angeandika hivi: «Tulipima maji saa nane usiku, tukagundua mabomba matatu yaliyokuwa yakivuja ardhini.»

Hiki ndicho kichwa cha bango. Ni sentensi kamili yenye kitendo na matokeo. Anayeisoma na kuondoka bila kusogea ameshaondoka na mradi wote kichwani. Anayesogea anasogea akiwa na swali lake mwenyewe: kwa nini saa nane? mlijuaje ni mabomba matatu? Maswali hayo yatamwongoza kwenye sehemu nyingine za bango bila mshale wala namba za kumwelekeza.

Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, alisambaza video akitaka mabango ya kisayansi yabadilishwe kwa msingi huohuo. Alipendekeza tokeo kuu liwekwe katikati, kwa maneno ya kawaida na herufi kubwa mno, maelezo yabanwe pembeni, na msimbo wa QR umpeleke mwenye hamu kwenye ripoti kamili. Pendekezo lake lilienea haraka kwenye mikutano ya kitaaluma. Nakubaliana naye kuhusu sentensi. Kuhusu mpangilio, kwa maonesho ya watarajali napenda kubakiza nafasi kubwa ya ushahidi, kwa sababu wengi wa wageni hawa ni watu wa kazi: wakiona dai, macho yao yanatafuta namba papo hapo.

Hapo ndipo penye mtego ambao watarajali makini ndio hunaswa nao. Sentensi ya juu lazima iwe na nguvu, na pia iwe dai ambalo mwenyewe anaweza kulisimamia mbele ya mtaalamu. Rehema ana kishawishi kikubwa. Uniti 5 kwa saa zimeokolewa. Siku ina saa 24. Akizidisha anapata uniti 120, lita 120,000 kila siku. Namba hiyo ingependeza sana ikiwa juu ya bango kwa rangi ya buluu. Lakini mhandisi yeyote atakayepita ataitilia shaka, naye atakuwa na haki. Usiku, watu wakiwa hawatumii maji, msukumo ndani ya mabomba hupanda, na tundu lilelile hutoa maji mengi zaidi kuliko mchana. Kipimo cha usiku hakizidishwi kwa 24 kirahisi hivyo. Upotevu halisi wa siku nzima mara nyingi ni mdogo kuliko hesabu hiyo, na ili kuujua lazima msukumo upimwe mchana na usiku. Rehema hakupima msukumo. Basi asiseme lita 120,000. Aseme alichokipima: kutoka uniti 9 hadi 4 kwa saa, usiku.

Mgeni akishakamata namba moja isiyosimama, dakika yote iliyobaki anaitumia kuhoji namba hiyo. Mabomba matatu yaliyozibwa yanasahaulika. Kwa hiyo kabla sijaidhinisha kichwa chochote humuuliza mtarajali swali moja: hii namba uliisoma kwenye chombo, au uliipata kwa kuzidisha? Ya kusomwa iende juu. Ya kuzidisha ibaki kwenye mazungumzo, pamoja na masharti yake.

Hata hivyo namba iliyosomwa kwenye chombo inaweza kuwa bubu. Uniti 5 kwa saa ni nyingi au kidogo? Mhandisi anajua, mhasibu hajui. Namba inahitaji mwenzake ambaye mgeni anamfahamu. Tuseme bili za kanda hii zinaonyesha kwamba nyumba ya kawaida hutumia uniti 15 kwa mwezi. Basi katika kila saa tatu za usiku ule, yalikuwa yanamwagika ardhini maji ya kuitosha nyumba moja mwezi mzima. Sentensi hiyo imetokana na vipimo viwili halisi vya kanda hiyohiyo, haidai lolote kuhusu mchana, na mtu yeyote anayelipa bili anaielewa papo hapo. Iwekwe chini ya kichwa kwa herufi za ukubwa wa kati.

Baada ya kichwa inakuja grafu, nayo iwe moja. Rehema ana usomaji wa usiku 30, ana jedwali la valvu, ana ramani ya kanda, ana picha za mafundi wakichimba. Vyote ni vyake na vyote vinamuuma kuviacha. Lakini kinachothibitisha kichwa ni mstari mmoja: usiku wa 1 hadi wa 30 kwenye mhimili wa chini, uniti kwa saa kwenye mhimili wa wima. Mstari unaanza kwenye 9, unatembea hapo kwa siku kadhaa, unashuka hadi 6.5 bomba la kwanza lilipozibwa, kisha hadi 5, kisha hadi 4. Ngazi tatu. Mgeni akiziona ngazi tatu na kwenye kila ngazi pameandikwa «bomba la 1 lazibwa», «la 2», «la 3», ameshaelewa bila maelezo kwamba mshuko haukuja kwa bahati.

Maandishi hayo yakae juu ya mstari wenyewe, pale ngazi ilipo. Programu za kompyuta hupenda kuweka kisanduku cha maelezo pembeni, chenye rangi na majina, kikimlazimisha mtu kuangalia huku na kule ili alinganishe. Sekunde kumi zinaishia hapo. Kifute. Mhimili wa wima uanze kwenye sifuri. Ukianzia kwenye 3, mshuko kutoka 9 hadi 4 utaonekana kana kwamba maji karibu yameisha, na mtu mzoefu wa grafu atahisi anadanganywa. Usitegemee wekundu na ukijani pekee kutofautisha kabla na baada, maana wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayazitofautishi vizuri rangi hizo mbili. Buluu iliyokolea na chungwa zinafaa zaidi. Na ukuze namba za mihimili: grafu iliyotengenezwa kwa ajili ya ripoti ikinakiliwa kwenye bango huja na tarakimu ndogo ambazo hakuna atakayezisoma akiwa amesimama.

Ukubwa wa herufi ndio unaobishaniwa sana na wala haustahili ubishi, kwa sababu unapimika. Kipimo kinachonifaa ni kwamba herufi kubwa ya kusomwa bila taabu kutoka mita tatu iwe na kimo cha kama sentimita 2.5. Katika fonti za kawaida hiyo ni karibu pointi 100. Kwa maandishi ya mwili wa bango, yanayosomwa na mtu aliyesogea hadi mita moja na kidogo, pointi 24 ndiyo sakafu; chini ya hapo watu huanza kuinama. Mtu akiinama kusoma, anamziba mwenzake, na huyo mwenzake anaondoka.

Pointi 100 kwenye karatasi ya A1 iliyosimama, yenye upana wa milimita 594, zinaacha nafasi ya herufi kama 30 kwa mstari. Rudi kwenye kichwa cha Rehema uone kinavyokaa:

Tulipima maji saa nane usiku,
tukagundua mabomba matatu
yaliyokuwa yakivuja ardhini

Mistari mitatu, na kila mmoja unakatika mahali ambapo hata mtu akisoma kwa sauti angepumua. Kichwa cha rasimu ya kwanza kingetaka mistari sita au saba kwa ukubwa huo, na ndiyo maana vichwa vya namna ile huishia kupunguzwa hadi pointi 48. Urefu wa kichwa na udogo wa herufi ni ugonjwa mmoja. Ukizidi mistari mitatu, punguza maneno, usiguse ukubwa.

Kuna njia ya kulijaribu bango zima kabla ya kulipia hata shilingi moja dukani. Lichapishe kwenye karatasi ya A4. A1 ni kubwa kuliko A4 kwa karibu mara 2.8 kila upande, hivyo umbali nao hupungua kwa kiasi hichohicho. Ibandike A4 hiyo ukutani na usimame umbali wa mita moja: unachokiona ndicho atakachokiona mgeni aliye mita tatu kutoka kwenye bango halisi. Kichwa kisomeke kutoka hapo. Kisha sogea hadi sentimita 40, na hapo kila neno lililobaki lisomeke bila kukunja uso. Lisilosomeka likuzwe au liondoke. Jaribio hili halichukui muda, na limemaliza mabishano mengi kati ya watarajali na wasimamizi wao kuliko maneno yangu.

Tukifika kwenye maandishi ya mwili, watarajali hutaka kuweka utangulizi, malengo ya jumla, malengo mahususi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, majadiliano, hitimisho, mapendekezo na shukrani. Huo ni mpangilio wa ripoti. Bango la dakika moja linabeba vijisehemu vitatu tu chini ya grafu. Kwa mradi wa Rehema ningeviandika hivi, na haya ndiyo maneno yote:

Tatizo. Mamlaka husukuma maji mengi kuliko yanayosomwa kwenye dira za wateja. Sehemu ya tofauti hiyo huvujia ardhini, ambako hakuna anayeiona.

Tulichofanya. Saa nane hadi saa kumi usiku wateja wengi wamelala. Tulisoma dira kuu kila usiku, kisha tukafunga valvu za mitaa moja moja na kuangalia ni wapi usomaji unashuka ghafla.

Kikomo. Njia hii inafaa kanda inayopata maji saa 24. Penye mgao, wateja hufungulia usiku ili kujaza matangi, na usomaji unaweza kudhaniwa kuwa ni mvujo.

Ukivisoma kwa sauti pamoja na kichwa, kwa mwendo wa kawaida wa kuongea, unamaliza ndani ya dakika moja na unabaki na muda wa kutazama grafu. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini: mtarajali asimame mbele ya rasimu yake, asome kila neno kwa sauti, mwenzake akishika saa. Kinachozidi dakika kinakatwa.

Sehemu ya tatu, ile ya kikomo, huwa naitetea sana kwa sababu watarajali huiogopa. Wanadhani kutaja mahali mbinu inaposhindwa ni kujishusha. Fikiria mhandisi wa wilaya ambayo mitaa yake inapata maji siku mbili kwa wiki. Anajua fika kwamba maji yakija usiku, kila nyumba inaamka kujaza simtanki. Akisoma bango lisilotaja mgao atasema moyoni kwamba kijana huyu hajawahi kutoka ofisini. Akiukuta mgao umetajwa, anasogea karibu zaidi, na swali lake linakuwa la kikazi: je, tungeweza kuipima kanda ile moja isiyo na mgao? Hayo ndiyo mazungumzo ambayo mtarajali anayataka.

Maneno yenyewe yawe ya wanaopita. Ndani ya ofisi ya ufundi watu husema mtiririko wa chini wa usiku na majaribio ya hatua, na ni sawa, ndiyo lugha ya kazi yao. Kwenye bango, «maji yanayopita saa nane usiku» na «kufunga valvu moja moja» hayapotezi chochote, na mhandisi haoni kwamba amedharauliwa. Tumia «uniti», kwa sababu ndiyo iliyo kwenye bili, na uandike mara moja kwamba uniti moja ni lita 1,000.

Kiambishi «tuli-» nacho kinahitaji uangalifu. Kazi ilifanywa na Rehema pamoja na mafundi, na kusema «tuligundua» ni haki. Lakini waliokuja kumpima, hasa mwalimu wa chuo, wanataka kujua sehemu yake mwenyewe. Mstari mmoja chini ya majina unatosha: Rehema alikusanya na kuchambua usomaji wa usiku 30, mafundi wa kanda walifunga valvu na kuziba mabomba. Mafundi wakiliona bango watafurahi kwamba hawakusahauliwa, na mwalimu atapata jibu lake bila kuuliza.

Nembo ziende chini kabisa. Najua baadhi ya wasimamizi hutaka nembo ya taasisi na ya chuo zikae juu, kubwa, kulia na kushoto, na mara nyingine hakuna namna ila kukubali. Pale penye nafasi ya kujadiliana, mweleze msimamizi kwamba wageni wameshaingia kwenye jengo la taasisi na wanajua wako wapi. Sehemu ya juu ya bango ni ya kuwaambia wasichokijua. Wakati huohuo mwombe apitie takwimu. Ni za taasisi, na namba za akaunti au majina ya wateja hayapaswi kuonekana popote, hata kwenye picha ya dira iliyopigwa kwa karibu.

Kitabu kidogo cha maonesho, kile kinachogawiwa mlangoni, huwa na ikisiri ya kila mradi, na hapo mambo yanageuka kidogo. Mgeni ameketi, anasubiri hotuba ya ufunguzi iishe, anapitisha macho akichagua mbao za kutembelea. Hana grafu mbele yake. Ikisiri inabidi ibebe mradi wote peke yake, na mistari miwili ya kwanza ndiyo inayosomwa. Ikisiri nyingi za miradi ya maji huanza na «Maji ni uhai», zikaendelea kueleza umuhimu wa maji kwa binadamu, mifugo na kilimo, na mradi wenyewe unatokea mstari wa sita. Nyingine huandikwa mapema mno, matokeo yakiwa bado, na huishia na ahadi kwamba matokeo yatawasilishwa. Kama tarehe ya kukabidhi ikisiri inakuja kabla kazi haijaisha, andika ulichonacho hadi siku hiyo: «hadi sasa bomba moja limezibwa na usomaji umeshuka kutoka uniti 9 hadi 6.5». Tokeo la nusu safari lina uzito kuliko ahadi.

Ikisiri ya Rehema ikikamilika ingeweza kusomeka hivi:

«Katika kanda yenye nyumba 600, uniti 9 za maji kwa saa zilikuwa zikipita kwenye dira kuu usiku wa manane, wakati wateja wengi wamelala. Tulishuku mivujo ya chini ya ardhi. Kwa usiku 30 tulisoma dira kuu kati ya saa nane na saa kumi, kisha tukafunga valvu za mitaa moja moja ili kujua mvujo uko upande gani. Mabomba matatu yaligunduliwa na kuzibwa, na usomaji ukashuka hadi uniti 4 kwa saa. Kiasi kilichookolewa mchana hakikupimwa, kwa kuwa msukumo wa maji hubadilika. Njia hii haihitaji vifaa vipya pale ambapo dira kuu na valvu zinafanya kazi, ila haifai kwenye maeneo ya mgao. Kanda jirani inayopata maji saa 24 inaweza kupimwa kwa utaratibu huohuo.»

Angalia kwamba sentensi ya kwanza ina eneo, namba na fumbo kwa pamoja. Maji yanapita usiku na hakuna anayeyatumia: yanakwenda wapi? Msomaji anayetaka jibu ameshafika kwenye sentensi ya pili.

Rasimu ikiwa tayari, itafutie mtu asiyehusika. Mhasibu, katibu muhtasi, dereva wa ofisi, yeyote asiyewahi kuusikia mradi. Mpe dakika moja mbele ya bango, bila kumweleza lolote, kisha mgeuzie karatasi na umuulize: walifanya nini, walipata nini, na nini kifanyike sasa. Nyamaza umsikilize. Akijibu tu kwamba «ni mambo ya maji», kichwa chako bado ni mada na hakijawa sentensi. Akiikumbuka picha ya mafundi shimoni lakini hakumbuki kilichopatikana, picha imeimeza grafu. Ipunguze au itoe. Akiuliza kama uniti 9 ni nyingi, kilinganisho hakionekani vizuri. Akisema, «Kumbe mlivizia usiku watu wakiwa wamelala!», andika maneno yake neno kwa neno, kwa maana ndiyo utakayoyatumia siku ya maonesho kufungulia mazungumzo.

Uchapishaji una mitego yake, na mingi hutokana na faili. Ukubwa wa ukurasa upangwe kuwa sentimita 59.4 kwa 84.1 tangu mwanzo, kabla ya kuweka neno la kwanza. Ukitengeneza kwenye slaidi ya kawaida na kuikuza mwishoni, uwiano hauoani na pembeni hubaki mapengo. Dukani peleka PDF. Faili la PowerPoint likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, kompyuta huchagua nyingine, mistari inakatika upya, na kile kichwa cha mistari mitatu kinakuwa cha minne na kuingia juu ya grafu. Picha nazo: ukitaka picha ya upana wa sentimita 20 itoke safi, iwe na angalau pikseli 1,200 kwa upana. Picha zilizopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Mwombe aliyezipiga azitume kama faili. Msimbo wa QR, kama upo, uwe na upana wa sentimita 6 hivi, na uujaribu kwa simu mbili tofauti ukiwa umeshachapishwa, kwa sababu msimbo unaofunguka kwenye kioo cha kompyuta huweza kugoma ukiwa juu ya karatasi inayong'aa. Mimi huchagua karatasi isiyong'aa kila inapowezekana. Taa za ukumbi zikipiga kwenye laminesheni, kipande kizima cha bango hugeuka weupe mtupu kwa mtu aliyesimama upande mmoja, na mara nyingi kipande hicho ni grafu.

Siku yenyewe, bandika bango ili kichwa kiwe usawa wa macho au juu yake kidogo, kiasi kwamba watu wawili wakisimama mbele, wa tatu aliye nyuma yao bado anakisoma. Wewe simama kando, upande ambao hauzibi grafu, na mwache mgeni asome. Ukimrukia na maelezo kabla hajamaliza kichwa, anaacha kusoma na anakuangalia wewe, na bango lako lote linakuwa pambo la ukutani. Subiri macho yake yafike kwenye zile ngazi tatu. Kisha mwonyeshe kwa kidole mshuko wa kwanza na umwambie: «Hapa ndipo tulipochimba mara ya kwanza.»